Asilimia 83 kwenye chombo namba nne: jinsi kidonge kinavyopimwa kuachia dawa

Dondosha kidonge cha parasetamoli cha miligramu 500 kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu. Baada ya dakika chache kimemomonyoka, kimelala chini kama unga uliolowa. Watu wengi wakiona hivyo huridhika kwamba kidonge ni kizuri. Lakini bonge la udongo nalo ukilitia majini husambaratika vivyo hivyo, na mchanga wake hauyeyuki hata ukikaa mwaka mzima.

Kusambaratika ni kidonge kuvunjika vipande. Kuyeyuka ni dawa yenyewe kutoka kwenye vile vipande na kuingia majini, mpaka ukichuja maji hayo dawa ipite kwenye kichujio pamoja nayo. Kwa kidonge cha kumeza, tumbo na utumbo hufyonza dawa iliyoyeyuka. Ile iliyobaki ndani ya punje inaweza kupita njia yote na kutoka mwilini bila kumsaidia mgonjwa.

Tofauti hii haikujulikana vyema mpaka ilipoleta mashaka hospitalini. Mwaka 1971 madaktari wa New York walichapisha matokeo ya kuwapa watu vidonge vya dijoksini, dawa ya moyo, vya kipimo kilekile lakini kutoka vyanzo tofauti. Kiwango cha dawa kwenye damu kilitofautiana hadi mara saba. Lebo zilisema namba moja, damu zikasema nyingine. Wakati huo Famakopia ya Marekani, kitabu cha viwango vya dawa kinachojulikana kwa herufi USP, ilikuwa imeanza mwaka 1970 kudai kipimo cha uyeyukaji kwa dawa chache. Leo karibu kila kidonge cha kumeza lazima kikipitie.

Mimi hufanya kazi hii ya maabara, na ninataka kuieleza kwa kufuata namba moja iliyonisumbua kwa siku tatu: asilimia 83, iliyotoka kwenye chombo namba nne. Dawa ilikuwa hiyohiyo parasetamoli ya miligramu 500. Masharti yake kwenye Famakopia ya Marekani ni mafupi: mililita 900 za bafa ya fosfeti, yaani maji yenye chumvi zinazozuia uchachu wake usibadilike, yenye pH 5.8, kifaa cha pili, mizunguko 50 kwa dakika, dakika 30, na kiasi kilichoyeyuka kisipungue asilimia 80 ya kilichoandikwa kwenye lebo. Kila neno hapo lina kazi yake.

Kifaa cha pili ni kasia. Mashine yenyewe ni bafu la maji ambamo vimetumbukizwa vyombo sita au zaidi vya kioo, kila kimoja cha ujazo wa lita moja hivi, chenye kitako cha duara kama nusu ya chungwa. Katikati ya kila chombo hushuka mhimili wa chuma wenye bamba bapa mwishoni, na bamba hilo ndilo kasia. Kifaa cha kwanza, ndugu yake, ni kikapu cha wavu wa chuma kinachobeba kidonge ndani na kuzunguka nacho, mara nyingi mizunguko 100 kwa dakika. Kikapu huwafaa zaidi vidonge vya jeli na vitu vinavyoelea. Kwenye kasia, kidonge huachwa kizame chenyewe mpaka chini, ndipo mashine iwashwe.

Anayetazama kwa mara ya kwanza hudhani kwamba kazi ya kasia ni kukoroga, na kwamba ukikoroga zaidi ni bora zaidi. Sivyo. Mizunguko 50 ni taratibu mno, kama mtu anayekoroga chai huku akiwaza jambo lingine, na imewekwa hivyo makusudi ili kidonge kibaya kipate nafasi ya kuonekana kibaya. Ukikoroga kwa nguvu, vidonge vyote vitafanana. Ndiyo maana vipimo vya mashine vimebanwa sana. Kasia likae milimita 25 kutoka kitako cha chombo, likizidi au kupungua isiwe zaidi ya milimita 2. Mhimili usipotoke katikati kwa zaidi ya milimita 2. Kasi isiyumbe kwa zaidi ya asilimia 4, na maji ndani ya chombo yawe nyuzi 37, nusu nyuzi juu au chini. Mtetemo wa friji au wa mashine nyingine iliyowekwa meza hiyohiyo unatosha kuharakisha uyeyukaji bila mtu kuusikia.

Kuna kitu kinachoonekana kwa macho ambacho humfundisha mgeni wa maabara kuliko maelezo yoyote. Inama uchungulie chombo kutoka upande dakika ya kumi. Chini kabisa, katikati ya kitako, mara nyingine utaona unga umejikusanya kama kichuguu kidogo. Hapo maji hayazunguki sawasawa, maana kasia linapita juu na katikati pake ni shwari. Unga uliojificha kwenye kichuguu huyeyuka pole pole hata kama ni dawa nzuri. Kwa hiyo matokeo ya chini si lazima yawe kosa la kidonge. Lakini huwezi kuongeza kasi kwa sababu umekiona kichuguu. Unaandika ulichokiona, unaendelea na masharti yaliyowekwa.

Hewa nayo ni adui wa kimyakimya. Maji baridi hubeba hewa nyingi kuliko maji ya moto, na yakipashwa joto ndani ya chombo hewa hiyo hutoka kama vipovu. Vipovu hunasa kwenye punje za dawa na kuzibeba juu, au huziba matundu ya kikapu. Dawa yake ni kuipasha bafa mpaka nyuzi 41 hivi, kuichuja mara moja kwa kuvuta kwenye kichujio cha mikroni 0.45, kisha kuendelea kuivuta hewa huku ikikorogwa kwa dakika tano. Baada ya hapo imimine taratibu ukiegemeza kwenye ukuta wa chombo. Nimeona mtu akitoa hewa kwa uangalifu wote huo halafu akaimwaga bafa kutoka juu kama anayeosha gari, na hewa yote ikarudi.

Sasa muda. Dakika 30 maana yake ni dakika 30 kwa kila kidonge, kuanzia kasia lilipoanza kukizungukia mpaka sampuli ilipovutwa, na unaruhusiwa kukosea asilimia 2 tu, yaani sekunde 36. Mtu mmoja mwenye mikono miwili hawezi kuvuta sampuli sita kwa sekunde 36 na kuzichuja. Kama mashine yako inaruhusu kudondosha vidonge kasia zikiwa zinazunguka, suluhisho ni kupishanisha: kidonge cha kwanza kinatumbukizwa dakika sifuri, cha pili dakika moja baadaye, na hivyo hivyo mpaka cha sita. Ukifika wakati wa kuvuta, unafuata mpangilio uleule, na kila kidonge kinapata dakika zake 30 kamili.

Mahali pa kuvutia sampuli napo pametajwa: katikati ya uso wa maji na ukingo wa juu wa kasia, na usikaribie ukuta wa chombo kwa chini ya sentimita moja. Unatumia bomba la sindano lililounganishwa na mrija mrefu mwembamba wa chuma. Ukishavuta, chuja palepale. Hili nalisisitiza kwa sababu ndilo kosa la kawaida kuliko yote. Ndani ya bomba la sindano mna punje ambazo hazijayeyuka, na saa kwao haijasimama. Ukiziweka mezani upokee simu, zitaendelea kuyeyuka, na matokeo yako ya dakika 30 yatakuwa ya dakika 40. Mililita chache za mwanzo zinazopita kwenye kichujio humwagwa, maana kichujio kikavu hunasa kidogo cha dawa kabla hakijashiba.

Baada ya kuchuja unapata maji safi yasiyo na rangi, ambayo ndani yake mna parasetamoli. Kama kidonge kizima kingeyeyuka chote, miligramu 500 ndani ya mililita 900 ni miligramu 0.556 kwa kila mililita. Hiyo ni nzito mno kwa spektrofotomita, mashine inayopima mwanga unaofyonzwa na kimiminika, kwa hiyo tunachukua mililita 2 na kuzijaza bafa mpaka mililita 100, tukaipunguza mara 50. Kisha tunapima ufyonzaji wa mwanga wa urujuanimno kwenye nanomita 243, ambako parasetamoli hufyonza sana.

Namba inayotoka kwenye mashine, tuseme 0.655, peke yake haina maana. Lazima iwekwe pembeni ya kiwango rejea, yaani parasetamoli safi ambayo usafi wake umethibitishwa. Siku ile nilipima miligramu 55.5 za kiwango rejea chenye usafi wa asilimia 99.6, nikaziyeyusha kwenye bafa mpaka mililita 100, kisha nikaipunguza mara 50 kama sampuli. Hesabu yake ni 55.5 mara 0.996, gawanya kwa 100, gawanya tena kwa 50, unapata miligramu 0.011056 kwa mililita. Ufyonzaji wake ulikuwa 0.720. Kanuni ya kuunganisha yote ni hii:

```
% = (Ap / As) × Cs × D × V × 100 / L
```

Ap ni ufyonzaji wa sampuli, As wa kiwango rejea, Cs uzito wa kiwango rejea kwa mililita, D ni mara ngapi sampuli ilipunguzwa, V ni ujazo wa chombo, na L ni kiasi kilichoandikwa kwenye lebo. Kwa chombo namba moja:

```
(0.655 / 0.720) × 0.011056 × 50 × 900 × 100 / 500 = 90.5
```

Kwa maneno ya kawaida: maji ya chombo yalikuwa na miligramu 0.503 kwa mililita, mililita 900 zikawa na miligramu 452.6 jumla, na hizo ni asilimia 90.5 ya 500. Angalia kigawanyo. Tunagawanya kwa kiasi kilichoandikwa kwenye lebo, si kwa kiasi kilichomo kweli ndani ya kidonge. Kidonge chenye miligramu 470 hakiwezi kupita asilimia 94 hata ukikikoroga mpaka kesho. Jambo hili litatusaidia baadaye.

Kama unavuta sampuli mara moja tu, hesabu imeisha. Ukivuta mara kadhaa ili uone mwendo wa uyeyukaji, kumbuka kwamba kila ukivuta umeondoa maji na dawa. Tuseme unavuta mililita 10 dakika ya 10, ya 20 na ya 30 bila kurudishia, na chombo kinakupa miligramu 0.300, kisha 0.440, kisha 0.503 kwa mililita. Dakika ya 30 chombo hakina tena mililita 900, kina 880. Dawa iliyomo ni 880 mara 0.503, yaani miligramu 442.6. Juu yake unarudisha zile ulizoziondoa mwenyewe, miligramu 3.0 za mara ya kwanza na 4.4 za mara ya pili, jumla 450.0, ambayo ni asilimia 90.0. Aliyesahau na kuzidisha kwa 900 angepata 90.5. Tofauti ni nusu asilimia. Kwa kidonge kinachoachia dawa taratibu na kuvutwa sampuli mara nane, tofauti hukua. Na kama unarudishia bafa mpya kila mara, ujazo unabaki 900, lakini dawa uliyoiondoa bado lazima uijumlishe.

Turudi kwenye vyombo vyangu sita. Vilitoa 90.5, 92.3, 88.6, 83.2, 91.2 na 89.7. Wengi wakisikia kwamba kikomo ni asilimia 80 watasema vyote vimefaulu. Hapa ndipo wanafunzi hujikwaa. Ile 80 huitwa Q, na hatua ya kwanza inataka kila kidonge kati ya sita kifike Q ukiongeza 5, yaani 85. Kimoja kikipungua, toleo, yaani kundi la vidonge vilivyotengenezwa pamoja, halijafeli, ila unalazimika kwenda hatua ya pili: vidonge sita vingine, na sasa wastani wa vyote 12 usiwe chini ya 80 na hata kimoja kisiwe chini ya 65. Ikishindikana kuna hatua ya tatu, vidonge 12 zaidi, ambapo wastani wa vyote 24 lazima ufike 80, viwili tu vinaruhusiwa kuwa chini ya 65, na hakuna kinachoruhusiwa kuwa chini ya 55.

Nikaenda hatua ya pili. Nilipata 90.0, 88.0, 91.5, 81.5, 89.0 na 90.8. Wastani wa vyote 12 ni 88.9, wa chini kabisa 81.5. Kwa sheria, toleo lilikuwa limefaulu, na ningeweza kusaini karatasi niende nyumbani.

Lakini chombo namba nne kilikuwa cha mwisho mara zote mbili, na kwa pengo karibu lilelile. Vidonge nilivitoa kwenye kopo bila kuchagua. Uwezekano wa kidonge dhaifu kwenda chenyewe nafasi ya nne mara mbili ni mdogo. Nikampelekea karatasi msimamizi wangu, mama aliyefanya kazi hii miaka mingi. Alizitazama namba kwa muda, akasema, "Dada, rudia tena sita. Ukishavuta ya dakika 30, usizime. Pandisha mpaka mizunguko 250 kwa robo saa, halafu vuta nyingine."

Sababu ya kufanya hivyo ni nzuri sana, na ninatamani ifundishwe mapema. Ukikoroga kwa nguvu baada ya kipimo, kila kilichobaki kinayeyuka na kichuguu kinasambaa. Unachokipata mwishoni ni kiasi cha dawa kilichomo ndani ya kidonge. Kwa hiyo kama chombo namba nne kilikuwa kinakoroga vibaya, tuseme kasia limepanda juu, kitachelewa dakika ya 30 lakini kitawafikia wenzake baada ya kasi kupanda. Kikibaki nyuma kwa pengo lilelile, basi uyeyukaji hauhusiki. Ama kidonge kina dawa pungufu, ama sampuli inaharibika baada ya kutoka kwenye maji.

Dakika ya 30 vyombo vitano vilikaa karibu na 90, cha nne 83. Baada ya robo saa ya mizunguko 250, vitano vilipanda mpaka karibu 98.5. Cha nne kilifika 90.6.

Mama alichukua kalamu akagawanya: 83 kwa 90, kisha 90.6 kwa 98.5. Zote zilitoa 0.92. Pengo la uyeyukaji lingeziba, na vidonge vitatu tofauti visingepungukiwa kwa karibu asilimia 8 ileile kila mara. Kitu fulani kilikuwa kinaongeza maji kwenye sampuli, na kwa kuwa nilikuwa navuta mililita 10, kilikuwa kinaongeza kama mililita 0.8.

Tuliuchukua mrija wa namba nne tukaupuliza hewa juu ya karatasi ya kufutia. Maji yakatoka. Kipande cha mpira kinachounganisha mrija na bomba la sindano kilikuwa kimebadilishwa, na kipya kilikuwa kirefu kuliko vya wenzake, kimejikunja katikati. Baada ya kuoshwa, maji ya kuoshea yalikuwa yanabaki kwenye kile kikunjo. Kila nikivuta, yalitangulia kuingia kwenye bomba na kuchanganyika na sampuli kabla sijaichuja.

Ningesaini ile siku ya kwanza, hakuna ambaye angegundua. Tatizo lingejitokeza kwa toleo lingine. Dawa inayoachia 86 kwa haki ingesomeka 79 kwenye nafasi hiyo, na kiwanda kingeanza kutafuta kosa kwenye mchanganyiko wake, kwenye mashine ya kugandamiza vidonge, kwenye unyevu wa ghala, wakati kosa lilikuwa kwenye kipande cha mpira cha urefu wa kidole.

Tulikata mpira, tukaandika chanzo na ushahidi wake, matokeo ya mwanzo yakabaki kwenye kumbukumbu pamoja na maelezo, na vidonge sita vipya vikapimwa. Cha nne kilitoa 89.9. Tangu siku hiyo, kabla ya sampuli yoyote, mirija yote sita hupulizwa hewa, kisha huvuta na kurudisha maji ya chombo chake mara moja ili kilichomo ndani kiwe ndicho kilichomo nje.